Ukilala, Chomoa: Maelezo ya Sheria za Kuchaji Simu na Pawabenki Hosteli

Tangazo liko mlangoni, na kila mwanafunzi amelisoma. Simu inachajiwa mwenyewe akiwa chumbani na akiwa macho. Pawabenki inachajiwa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, ikiwa juu ya sakafu, mahali ambapo mwenyewe anaiona. Ukitoka, chomoa. Ukilala, chomoa. Stima ikipotea, chomoa. Ngurumo ikianza, chomoa.

Tangu libandikwe, malalamiko ni mengi. Nimewasikia wanaotoka madarasani Chuo Kikuu cha Kisii wakiwa wamechoka, wanaosema usiku ndio wakati pekee wa kuchaji. Nimewasikia wa Nyamira, ambao stima ikirudi wanataka kujaza kila kitu kabla haijakatika tena. Hoja zao zina uzito, na mtu akinyimwa jambo bila kuelezwa sababu ataona anaonewa. Kwa hiyo nitaeleza.

Hoja ninayoisikia zaidi ni hii: simu ya siku hizi ikijaa inaacha kuchaji yenyewe, kwa hiyo kuna ubaya gani kuiacha usiku? Ni kweli, inaacha. Ndani ya simu kuna saketi ndogo inayopima volti za betri, na seli ya lithiamu ikifika kama volti 4.2, saketi inapunguza umeme hadi inaukata. Simu nzima, yenye betri yake ya asili na chaja nzuri, ikiwa juu ya sakafu, haiwi bomu kwa sababu imefika asilimia mia saa nane usiku. Anayewaambia hivyo anawatisha bure.

Tatizo ni kwamba maelezo hayo yamejaa masharti: simu nzima, betri ya asili, chaja nzuri, sakafu. Hosteli yenye vyumba vingi ina simu zilizowahi kuanguka ngazini, betri zilizobadilishwa na fundi wa kibandani, chaja za bei ya chini kutoka kwa mchuuzi wa barabarani, na pawabenki ambazo hakuna ajuaye zimetengenezwa na nani. Mimi sina namna ya kujua ya nani ni nzima. Mara nyingi hata mwenyewe hajui.

Ndani ya betri ya simu kuna karatasi mbili nyembamba za metali zilizopakwa kemikali. Katikati yake kuna utando wa plastiki unaozitenganisha, na zote zimelowa kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Simu ikianguka vibaya, ikikaliwa mfukoni ikapinda, au betri ikiwa imetengenezwa kiholela kiwandani, utando unaweza kutoboka mahali padogo. Karatasi zikigusana, umeme unapita pale pale na kutoa joto. Joto linaharibu utando zaidi, kemikali nazo zinaanza kutoa joto lao wenyewe, na kuanzia hapo hata ukichomoa chaja, betri inaendelea kujipasha. Inatoa gesi, inavimba, inapasuka, inawaka. Tangu mlio wa kwanza hadi moto zinaweza kupita sekunde chache tu, au dakika moja mbili.

Hayo yanaweza kutokea hata betri ikiwa imelala tu mkobani. Lakini wakati wa kuchaji yanakuwa rahisi zaidi, kwa kuwa umeme unaingia, joto linapanda, na nguvu iliyohifadhiwa inaongezeka kila dakika. Betri iliyojaa huwaka kwa ukali kuliko iliyo nusu.

Sasa fikirieni simu hiyo iko wapi saa nane usiku: chini ya mto, au kando ya kichwa juu ya godoro la sponji, imefunikwa na blanketi kwa sababu Kisii usiku kuna baridi. Blanketi linazuia joto kutoka, na betri ya lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45 hivi. Ikishindwa hapo, kinachowaka kwanza baada yake ni godoro. Moshi wa sponji una gesi ya kaboni monoksidi na sianidi, na aliyelala anaweza kuzivuta akalegea kabla hajafungua macho. Simu ile ile ikishindwa juu ya saruji tupu, hatua moja kutoka kwa chochote kinachoshika moto, huku mwenyewe anasoma, itateketea yenyewe na kuacha doa jeusi sakafuni. Sheria zetu zote zinajengwa juu ya tofauti hiyo. Hatuwezi kuzuia kila betri isiharibike. Tunachoweza ni kuhakikisha ikiharibika kuna mtu macho, na hakuna godoro karibu.

Na kuwa macho maana yake ni mtu anayejua ana kazi ya kuangalia. Ukienda kuoga, umetoka. Mwenzako akikubali kukuangalizia simu, hilo ni sawa kabisa, lakini awe amekubali kwa kinywa chake. Kuwa kwake chumbani na spika masikioni hakutoshi.

Pawabenki tumeiwekea sheria kali kuliko simu, na wengi wanaona hapo tumepitiliza. Tazameni ukubwa wa nguvu iliyomo. Simu ya kawaida yenye betri ya 5000 mAh inabeba karibu wati-saa 19. Pawabenki iliyoandikwa 20000 mAh, ikiwa maandishi ni ya kweli, inabeba wati-saa 74, yaani karibu simu nne ndani ya boksi moja la plastiki. Halafu simu ina kampuni inayojali jina lake na saketi zinazopima joto. Pawabenki ya bei ya kutupa inaweza kuwa na seli kuukuu zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu na saketi ya ulinzi ya bei rahisi kupindukia, au isiwe na ulinzi wa maana kabisa. Tena hutupwa ndani ya mkoba pamoja na funguo na vitabu, ikigongwa kutwa nzima.

Hata kampuni zenye jina haziponi. Mwezi Juni 2025 kampuni ya Anker iliwataka wateja wa Marekani kuacha kutumia pawabenki zaidi ya milioni moja za modeli A1263, kwa sababu baadhi ya betri zake zilikuwa zikipata joto na kuwaka. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Abiria na wahudumu wote walitoka hai, na wachunguzi walisema huenda chanzo kilikuwa pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu ya viti. Kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo, Korea Kusini ilikataza pawabenki kuwekwa kwenye makabati hayo. Abiria akae nayo anapoiona. Shirika la Emirates, ambalo Wakenya wengi wanalipanda wakienda Ghuba, likaenda mbali zaidi, na tangu tarehe 1 Oktoba 2025 abiria haruhusiwi kuitumia wala kuichaji ndani ya ndege. Watu wa ndege walifika kwenye wazo lile lile tulilolifikia sisi: pawabenki iwe mahali ambapo mtu ataona ikianza kutoa moshi.

Malalamiko yenye uzito zaidi kuhusu pawabenki ni ya muda. Mwanafunzi mmoja aliniambia ya kwake haijai jioni moja, ndiyo maana huiacha usiku kucha. Alikuwa na haki, na hesabu inaonyesha. Pawabenki yake ni 20000 mAh, yaani wati-saa 74. Wakati wa kuchaji, sehemu ya umeme hupotea kama joto, kwa hiyo inabidi iingizwe kiasi cha wati-saa 87. Chaja yake imeandikwa 5V 2A. Zidisha hizo mbili upate wati 10. Gawanya 87 kwa 10: ni karibu saa tisa. Kwa saa nne tulizoruhusu, itafika karibu nusu.

Nilimwonyesha njia mbili. Ya kwanza ni kuichaji jioni mbili badala ya usiku mmoja. Betri ya lithiamu haidhuriki kwa kuchajiwa nusu nusu. Zile habari za kumaliza chaji yote kabla ya kujaza upya ni za betri za zamani za nikeli. Kwa kweli betri inayokaa kati ya asilimia 20 na 80 hudumu zaidi kuliko inayojazwa pomoni kila mara. Ya pili ni kutazama maandishi ya tundu la kuingiza umeme kwenye pawabenki. Ikiwa imeandikwa kwamba inapokea 18W, chaja halisi ya wati 18 itaifanya kazi ile kwa saa tano hivi. Ikiwa inapokea 10W tu, chaja kubwa haitaongeza kitu. Simu yenyewe, yenye wati-saa 19, hujaa kwa saa mbili hadi tatu, na huo ni muda wa kawaida wa kusoma jioni.

Na kama unataka kununua pawabenki, ipime uzito kabla ya kutoa pesa. Seli za lithiamu zina uzito ambao hauwezi kudanganywa kwenda chini. Wati-saa 74 zinahitaji seli za gramu 300 hivi, kabla hata ya kuhesabu boksi. Mwombe mama wa nyanya pale Daraja Mbili akupimie kwenye mizani yake. Ikisoma gramu 150 na juu yake pameandikwa 20000 mAh, maandishi hayo ni uongo, na aliyedanganya kuhusu kilichomo ndani huenda alibana matumizi kwenye saketi ya ulinzi pia. Lakini kinyume chake si ushahidi. Uzito mzuri hauthibitishi kwamba seli ni nzuri, kwani wapo wanaojaza vitu vizito ndani. Ukiitikisa ukasikia kitu kinacheza, irudishe.

Nije kwenye stima kupotea, jambo ambalo watu wengi hulipita haraka wakisoma tangazo. Hapa kwetu ndilo hatari zaidi kuliko hata usiku. Chukulieni mchana wa kawaida wa mwezi wa Aprili. Saa tano asubuhi umeme unakatika ukiwa umechomeka simu na pawabenki kitandani. Unangoja kidogo, haurudi, unachukua simu yako unaenda darasani saa sita. Pawabenki unaiacha ilipo, swichi ya soketi iko chini, kwa sababu akilini mwako hakuna kinachochaji. Jirani yako alikuwa anachemsha maji kwa koili, naye ameondoka hivyo hivyo, koili ikiwa ndani ya sufuria au imewekwa juu ya meza. Saa nane wingu linajikusanya. Saa tisa mvua inanyesha, na stima inarudi. Umeme unaporejea kwenye laini, volti huweza kupanda na kushuka kwa muda mfupi kabla hazijatulia, na chaja dhaifu huharibika hasa wakati huo. Mlango umefungwa kwa kufuli, hosteli iko tupu, mvua inapiga mabati hata mlio hausikiki. Hakuna mtu aliyekusudia hatari hiyo. Kila mmoja alisahau tu kwamba kitu kilichozimwa na Kenya Power kitawashwa na Kenya Power, bila kumuuliza mwenye chumba.

Ndiyo maana tunasema stima ikipotea, chomoa saa ile ile, kabla hujasimama kutoka kitandani. Ukingoja hadi utakapoondoka, utasahau.

Kuhusu radi, sihitaji kuwaeleza wenyeji. Nyanda za Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi mara nyingi sana nchini Kenya, kwa sababu hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria inapanda milima yetu na kugeuka mawingu ya ngurumo, hasa alasiri na jioni. Radi haihitaji kupiga hosteli. Ikipiga laini ya umeme mbali na hapa, nguvu yake husafiri kwenye nyaya hadi kwenye soketi. Wengi huzima swichi ya soketi na kuridhika. Swichi inatenganisha nyaya kwa milimita chache tu, na umeme wa radi unaruka nafasi hiyo bila shida. Kuchomoa plagi ndiyo kinga. Na mchomoe ngurumo zikiwa bado mbali. Radi ikishakuwa juu ya paa, usishike plagi wala simu iliyo kwenye waya. Kaa mbali nazo hadi ipite.

Neno kidogo juu ya chaja na ekstensheni. Chaja ndiyo inayosimama kati ya volti 240 za ukutani na volti 5 za simu yako. Ndani ya chaja nzuri pande hizo mbili zimetenganishwa kwa nafasi ya kutosha. Ndani ya chaja bandia zinaweza kukaribiana sana, na zikigusana, volti 240 zinakuja hadi mkononi mwako kupitia waya wa simu. Dalili ni chaja nyepesi mno, inayochoma ukiishika, inayolia kama nzi, au inayokufanya uhisi mkono unasisimka ukigusa simu iliyo kwenye chaja. Ukihisi hivyo hata mara moja, chaja hiyo imekwisha kazi. Ekstensheni nazo haziungui kwa sababu ya simu. Simu kumi zikichaji kwa pamoja hazifiki hata robo ya nguvu ya koili moja. Zinaungua kwa sababu ya koili na pasi, na kwa sababu ya tundu lililolegea linalotoa cheche. Tundu lenye alama ya kahawia au harufu ya plastiki lisitumike tena, hata kwa simu ndogo.

Mahali pa kuchajia ndani ya chumba pasiwe karibu na mlango. Mnaoishi vyumba vya kupanga kuzunguka Nyamage mnajua vyumba vingi vina mlango mmoja na dirisha lenye vyuma. Betri ikiwaka mlangoni, huna pa kupita. Mwaka 2001, wavulana 67 walikufa bwenini katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Moto ule uliwashwa kwa petroli na haukuhusu chaji, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwenda nje. Nyumba nyingi za kupanga hazikujengwa hivyo, na mpangaji hawezi kubomoa ukuta. Anachoweza ni kuacha njia ya mlango wazi na kujua funguo ziko wapi gizani.

Ikitokea betri inafoka mlio kama wa mvuke, inatoa harufu tamu kali inayofanana na ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, au imevimba ghafla na moshi unatoka, usiinyanyue kuitupa nje. Wengi wanaungua mikono na uso hapo. Zima swichi kama unaifikia bila kuinama juu ya betri, toka, funga mlango nyuma yako ili moshi usienee, na piga kelele kuamsha wenzako. Atakayefika kwanza kwenye swichi kuu aizime. Baada ya umeme kukatwa, na kama moto bado ni mdogo na nyuma yako kuna njia ya kutoka, maji mengi ndiyo dawa, kwa sababu yanapoza. Kizimamoto cha gesi au cha unga kilicho kwenye korido kinazima miali, lakini hakipozi betri, na betri inaweza kuwaka tena baada ya dakika kadhaa au hata saa nzima. Moshi wake una sumu. Ukianza kukohoa, umekaa mno. Moto ukishika godoro, acheni kila kitu mtoke, mpige 999 au 112.

Mwisho ni betri zilizovimba, maana najua ziko kwenye masanduku yenu. Kifuniko cha nyuma cha simu kimeanza kuinuka, kioo kimeachana na fremu, pawabenki ikiwekwa mezani inayumba kwa sababu tumbo limetoka. Hiyo ni gesi, na betri hiyo haitarudi kuwa nzima hata ikinyooka kidogo ikipoa. Usiitoboe kupunguza gesi, usiikandamize, usiichaji hata kwa dakika tano ili unakili namba za watu. Ilete ofisini siku hiyo hiyo. Tuna debe la chuma lenye mchanga mkavu nje, nyuma ya tangi la maji, na hatuulizi ilivimbaje wala hatutozi faini. Faini iko kwa aliyeificha chini ya kitanda.